Godoro la mawe na kasi ya maji

Ukifika kwenye korongo hili mwezi wa Agosti utacheka ukiambiwa kwamba linadai daraja. Ni mchanga mtupu, upana wake mita 40, mbuzi wanakatiza bila kulowa kwato, na akina mama wamefukua visima vifupi katikati yake, wanachota kwa kata hadi ndoo ijae. Njoo Januari, siku mvua imenyesha milimani huku kijijini jua linawaka. Utasikia mngurumo kabla hujaona kitu, na ndani ya nusu saa korongo limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa yakibeba magogo. Mito ya aina hii imejaa mkoa wa Dodoma. Kwa siku nyingi za mwaka haina maji, na kwa siku chache ni hatari.

Kivuko cha kawaida kwenye makorongo hayo ni daraja mfuto: bamba la zege lililolazwa kukatiza mto, likiinuka kidogo juu ya mchanga. Magari hupita juu yake wakati wa kiangazi, na mafuriko nayo hupita juu yake wakati wa masika. Halina nguzo ndefu, halina vikingio, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya daraja la kweli. Ugonjwa wake ni mmoja. La zamani lililokuwa hapa halikuvunjwa na lori wala na gogo. Maji yalichota mchanga uliokuwa chini ya ukingo wake wa upande wa mtelemko, bamba likabaki likining'inia kama ubao uliochomolewa tofali, kisha likakatika kwa uzito wake lenyewe. Nilipofika, zege lilikuwa limelala mteremko ndani ya shimo lililonifika kifuani.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika maelezo ya usanifu wa kinga ya bamba jipya, kinga ya magodoro ya gabioni. Kwa ambaye hajayaona, godoro la gabioni ni kizimba bapa cha waya uliosukwa, kwa kawaida urefu mita 6 na upana mita 2, kilichogawanywa vyumba kila mita 1 kisha kikajazwa mawe. Unene wake ni sentimita 17, 23 au 30. Neno lenyewe limetoka kwa Waitaliano, ambao kizimba kikubwa hukiita gabbione, na magodoro haya bapa hadi leo hutajwa madukani kwa jina la mto Reno unaopita karibu na Bologna, ambako vizimba vya waya vilitumika kulinda kingo mwishoni mwa karne ya 19. Sifa yake kubwa ni kunyumbulika. Ukuta wa zege ukichimbuliwa chini hupasuka, lakini godoro likichimbuliwa chini hulala ndani ya shimo na kulifunika.

Maelezo yangu yalikuwa kurasa sita. Watu wengi wakipewa karatasi kama hizo hutafuta mstari unaosema unene wa godoro, kwa sababu ndio unaogusa fedha. Mimi husoma kwanza mstari wa kasi ya maji, na hasa maneno machache yanayoeleza kasi hiyo ilipatikana wapi. Unene ni zao la kasi. Aliyekosea kasi amekosea kila kitu kinachofuata, hata kama hesabu yake ya mawe ni safi.

Hebu tuanze na shimo. Punje za mchanga wa pale zina kipenyo cha milimita 0.6 hivi, na maji yanayokwenda nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtu asiye na haraka, yanatosha kuzisukuma. Mafuriko huenda kasi mara tano ya hiyo. Maana yake ni kwamba wakati wa gharika sakafu yote ya korongo inatembea. Mchanga unaondoka na mwingine unakuja kutoka juu kushika nafasi yake. Zege halitembei. Pale linapokoma, maji yanatoka juu ya kitu kigumu yakiwa na njaa, hayajabeba mchanga wa kutosha, na yanaanza kula palepale ukingoni. Halafu mafuriko yanapopungua, kasi inashuka na mchanga unatua tena ndani ya shimo. Ndiyo sababu shimo unaloliona kiangazi si shimo lililokuwepo usiku wa mafuriko. Nilichukua kipande cha nondo ya milimita 12 nikakisukuma kwenye sakafu ya lile shimo la kifuani. Kilizama kama kisu kwenye ugali moto, mita moja na robo zaidi, kabla ya kugonga mchanga mgumu uliokuwa haujawahi kuguswa. Hiyo ndiyo alama ya kweli.

Sasa kasi. Hakuna aliyewahi kuweka kipimo cha maji kwenye korongo hili, kwa hiyo unaanza na mashahidi. Shahidi wa kwanza ni takataka: majani, vijiti na vipande vya nailoni vilivyonasa kwenye miti ya mgunga kandokando. Wa pili ni watu. Mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na korongo alinipeleka kwenye mbuyu akaweka kiganja juu ya gamba.

"Shikamoo mzee, hapa ndipo yalipofika?"

"Marahaba. Hapa, mwaka wa El Ninyo. Tena usiandike juu zaidi ya hapa, mhandisi, kuna watu watakwambia yalifika kwenye matawi. Waongo hao. Nilikuwa nimesimama pale."

Nilipima kwa leveli kutoka kiganja chake hadi kwenye mchanga: mita 2. Takataka za kwenye migunga zilikuwa chini kidogo ya hapo, jambo lililonipa imani na mzee. Kisha tukapima mteremko wa korongo, tukaona sakafu inashuka mita 1 katika kila mita 400. Kwa upana, kina na mteremko, unaweza kutumia fomula aliyoitoa mhandisi wa Ireland, Robert Manning, mwaka 1889, na ambayo bado haijapata wa kuiondoa:

```
V = (1/n) × R^(2/3) × S^(1/2)
```

V ni kasi ya wastani. S ni mteremko, yaani 1 gawanya kwa 400. R ni eneo la maji ukilikata kama mkate, mita za mraba 80, ukaligawa kwa urefu wa ardhi inayoguswa na maji, mita 44, nayo inatoa 1.82. Hivyo vyote unavipima. Herufi ndogo n haipimwi kwa futi. Ni ukwaruzo wa mto, yaani jinsi sakafu na kingo zinavyoyashika maji yasikimbie. Vitabu vinakupa safu: mto wa mchanga ulionyooka na usio na vichaka unaweza kuwa 0.025, wenye vichaka na mapinda 0.035 au zaidi. Sasa angalia matokeo. Ukiweka 0.025 unapata mita 3.0 kwa sekunde. Ukiweka 0.030 unapata 2.5. Ukiweka 0.035 unapata 2.1. Mto ni uleule, kiganja cha mzee ni kilekile, na kalamu peke yake imesogeza kasi kwa theluthi nzima.

Hapo ndipo ninapowakosoa wenzangu wanaoandika "n = 0.030 imechukuliwa" na kufunga mdomo. Imechukuliwa wapi? Sisi tulibahatika kupata shahidi wa tatu. Msimu uliotangulia kijana mmoja wa kijijini alikuwa amerekodi kwa simu mafuriko yakipita, akicheka na wenzake. Kwenye picha hiyo gogo linatokea kwenye mgunga wa juu na kupotea kwenye mgunga wa chini. Tulipima umbali kati ya miti hiyo miwili: mita 30. Kwenye simu gogo lilitumia sekunde 12. Hiyo ni mita 2.5 kwa sekunde, lakini ni kasi ya juu ya maji, ambako ndiko maji huenda mbio kuliko kote. Kwa wastani wa kina chote huzidishwa kwa 0.85, ikawa 2.1. Kijana alionyesha maji yalipofika siku ile, tukapima kina mita 1.5. Nilirudi kwenye fomula nikaweka kina hicho, nikaona kwamba n inayotoa 2.1 ni 0.030. Gogo moja si utafiti, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Hata hivyo sikutumia 0.030 peke yake. Korongo hubadilika. Vichaka vikisombwa na sakafu ikilainishwa na gharika kubwa, ukwaruzo hupungua na kasi hupanda. Basi kuna desturi nzuri ya kutumia namba mbili: unapotafuta maji yatafika juu kiasi gani, chukua ukwaruzo mkubwa, kwa kuwa maji yaliyoshikwa hupanda, unapotafuta kasi itakayong'oa mawe, chukua ukwaruzo mdogo. Kwa mawe ya upande wa juu wa bamba, ambako maji yanakuja bila kikwazo, niliandika mita 3.0 kwa sekunde. Kisha nikakumbuka kwamba huo ni wastani wa mto mzima. Katikati ya mkondo, au nje ya pinda, maji huenda kasi kuliko wastani kwa kiasi cha thuluthi. Ikawa 4.0.

Upande wa chini ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo daraja la zamani lilipouawa.

Bamba limeinuka nusu mita juu ya mchanga. Mafuriko kamili yakiwa na mita za ujazo 200 kwa sekunde, kila mita ya upana wa bamba inabeba mita za ujazo 5. Maji yanabanwa juu ya zege hadi kina cha mita 1.36, na yanapita hapo kwa mita 3.7 kwa sekunde. Halafu yanaanguka nusu mita. Ukijumlisha nguvu yaliyokuwa nayo juu na ile ya kuanguka, unapata kwamba yakifika chini ni tabaka la mita 0.87 linalokwenda mita 5.7 kwa sekunde. Zaidi ya mara mbili ya ile 2.5 ya fomula. Ningechagua mawe kwa kasi ya wastani ya mto, ningekuwa nimesanifu kinga ya mahali pengine.

Tabaka hilo la mbio linakoma wapi? Chukua sinia, liweke chini ya bomba, ufungue maji. Yanapogonga sinia yanatambaa kwa wembamba na kasi, kisha kwenye duara fulani yanavimba ghafla na kutulia. Mtoni kitu hichohicho kinatokea na wahandisi hukiita mruko wa maji. Lakini maji hayavimbi kwa hiari. Yanavimba pale yanapokutana na maji mengine mbele yenye kina cha kutosha kuyazuia. Kwa tabaka letu, hesabu inasema kina kinachohitajika mbele ni mita 2.0. Na mto wenyewe, siku ya gharika, una mita 2.0.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea, maana namba haziangukiani hivyo kwa kawaida. Hazikuwa na kosa. Kivuko hiki kinasimama kwenye mizani: mruko utatokea palepale mguuni pa bamba, ila hakuna hata sentimita moja ya akiba. Na kuna saa ambayo kipimo hicho hakipatikani kabisa, nayo ni dakika za kwanza. Maji ya kwanza ya korongo hufika kama ukuta mdogo juu ya mchanga mkavu. Yanaanguka kutoka kwenye zege bila maji yoyote mbele ya kuyapokea. Ni kidogo, kama mita 1 ya ujazo kwa kila mita ya upana, lakini yanafika chini kwa mita 4.4 kwa sekunde na kutambaa mbali kabla ya kutulia. Kwa hiyo nililazimika kulinda mguu wa bamba kwa 5.7 na eneo linalofuata kwa kasi inayokaribia hiyo.

Hapo ndipo unapofungua jedwali la magodoro. Jedwali linalotumika sana lina mizizi yake katika majaribio yaliyofanywa miaka ya 1980 kwenye mifereji ya maabara ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambako magodoro ya kweli yalipitishiwa maji hadi yakashindwa. Linatoa kasi mbili kwa kila unene. Ya kwanza ni ile ambayo mawe yanaanza kutikisika ndani ya waya. Ya pili ni ile ambayo mawe yamesogea, godoro limevimba upande mmoja na kukonda upande mwingine, lakini bado linafunika ardhi. Kupita hiyo ya pili, mchanga ulio chini unaonekana na kila kitu kimekwisha. Godoro la sentimita 23 lenye mawe ya milimita 70 hadi 150 lina 4.5 na 6.1. La sentimita 30 lenye mawe ya 100 hadi 150 lina 5.0 na 6.4. Kizimba cha nusu mita chenye mawe ya 120 hadi 250 kina 6.4 na 8.0.

Mimi husanifu kwa namba ya kwanza na kuiacha ya pili iwe akiba ya usiku mbaya. Basi uamuzi ukawa hivi: upande wa juu, mita 3 za godoro la sentimita 23, kwa sababu 4.0 iko chini ya 4.5. Mguuni upande wa chini, mita 4 za vizimba vya nusu mita, maana 5.7 iko chini ya 6.4. Kuendelea mbele, godoro la sentimita 30. Hapo nilikubali kwamba siku mruko ukisukumwa mbele kidogo mawe yatatikisika, ila godoro halitaondoka. Nililiandika wazi kwenye maelezo, ili atakayekuja kukagua ajue kwamba uvimbe kidogo pale si uzembe wa fundi.

Godoro hilo la mbele liwe refu kiasi gani? Swali hili halijibiwi na kasi, linajibiwa na shimo. Mwisho wa godoro maji yatachimba tu, hilo halizuiliki, na kazi ya godoro ni kuinama ndani ya shimo hilo na kulivisha. Kwa kina cha shimo nilitumia kanuni ya Gerald Lacey, mhandisi wa mifereji ya umwagiliaji nchini India, aliyoichapisha mwaka 1930 baada ya kuchunguza mifereji ya udongo laini iliyokaa miaka mingi bila kuchimbika wala kujaa. Kwa mchanga wetu na maji yetu inatoa kina cha mita 3.6 kutoka juu ya maji, na kwa sehemu zenye vurugu huongezwa nusu yake, ikawa karibu 5.4. Ukitoa mita 2 za maji, mto unaweza kula mita 3.4 chini ya sakafu. Nilikumbuka nondo yangu: shimo la kifuani na mita moja na robo, jumla kama mita 2.6. Kanuni haikuwa mbali na ushahidi, nayo ilikuwa upande wa tahadhari. Godoro likiinama kwa mteremko wa kawaida linahitaji urefu wa mara mbili ya kina. Nikaandika mita 7.

Kwa upana wote wa mita 40, mawe yakawa mita za ujazo 190 hivi, tripu arobaini za lori dogo.

Ningeweza kuishia hapo, na maelezo mengi huishia hapo. Lakini kosa lililonifunza kazi hii halikuwa la kasi wala la unene. Miaka ya nyuma nilisimamia kivuko kingine, magodoro mazuri, mawe magumu, waya mpya. Ili kuokoa fedha, kitambaa cha kichujio kiliondolewa kwenye orodha nami nikatia saini. Msimu wa kwanza magodoro hayakusogea hata kidole, na nilijisifu. Msimu wa pili lori lilipita na ukingo wa bamba ukapasuka kwa sauti ya bunduki. Chini yake palikuwa na pango. Maji yalikuwa yakinyonya mchanga kupitia katikati ya mawe, punje kwa punje, huku juu kila kitu kikionekana kimetulia. Godoro la mawe ni chekecheo. Theluthi moja ya ujazo wake ni hewa. Likilazwa juu ya mchanga wa milimita 0.6 bila kitu katikati, linapunguza kasi ya wizi, haliuzuii. Kwa hiyo kabla ya godoro unatandika kitambaa kizito cha nyuzi kinachopitisha maji na kushika punje, vipande vipandane nusu mita, cha juu ya mto kikilalia cha chini kama vigae, na ukingo wake ukunjwe hadi kwenye ukuta wa bamba. Mahali ambapo maji yanaweza kupata mwanya ni pale zege linapokutana na godoro. Pango langu lilianzia hapo.

Mafundi wa waya pia wana siri zao, na unaweza kuziona kwa macho. Godoro lazima lilale urefu wake ukifuata maji, ili kuta za vyumba zikatize mkondo na kuzuia mawe yasihame yote kwenda mwisho. Nimeona yakilazwa kinyume kwa sababu lori lilishusha hivyo. Mshono wa godoro na godoro huzungushwa waya kila sentimita 10, mara moja kisha mara mbili, ukikazwa kwa koleo. Fundi mvivu hufunga vifundo vichache vya mbalimbali, na kwenye vifundo hivyo ndipo mfuniko hufunguka. Mawe hupangwa kwa mkono, si kumwagwa. Panda juu ya godoro lililofunikwa na utembee: likilia kama gunia la karanga, mawe hayajabana. Na jiwe lenyewe ligonge kwa nyundo. La granaiti hulia kama kengele, lililooza hutoa sauti ya mbao na baada ya misimu miwili linakuwa kokoto linalopita kwenye tundu la waya.

Waya una maisha yake. Pale tulipo mto unabeba mchanga zaidi kuliko changarawe, kwa hiyo zinki iliyopakwa juu ya waya itadumu. Kwenye mito ya milimani inayoviringisha mawe ya ngumi, waya husagwa na kukatika mapema, na hapo nisingependekeza godoro hata kwa kasi ndogo. Adui mwingine ni binadamu. Waya wa gabioni ni mzuri kwa zizi la mbuzi, na hakuna fomula ya hilo.

Bamba jipya lilimwagwa Septemba, magodoro yakamalizika mwisho wa Oktoba. Kwenye ukuta wa zege, upande wa mtelemko, tulichora mstari wa rangi nyekundu pale mchanga ulipofika siku ya makabidhiano. Mwezi wa Machi nilirudi. Mzee alikuwa ananisubiri na uso wa msiba.

"Mhandisi, godoro lako limezama."

Kweli, mita 2 za mwisho zilikuwa zimeinama karibu nusu mita, waya ukiwa mzima, mishono imekaza, mawe mahali pake. Nilimwonyesha kwamba limeshuka kwa usawa upande wote, kama mkeka ulioning'inizwa kwenye ngazi, na kwamba huko ndiko kuinama kulikoandikwa kwenye karatasi. Aliangalia kwa muda mrefu bila kushawishika. Nikachuchumaa kwenye mstari mwekundu. Mchanga ulikuwa sentimita 15 chini yake.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Ile mizani ya mita 2.0 kwa 2.0 inategemea sakafu ya chini ibaki palepale. Nilikuwa nimefanya hesabu ya sakafu iliyoshuka nusu mita: maji yangeanguka mita 1 badala ya nusu, yangefika chini kwa mita 6.7 kwa sekunde, na mruko ungehitaji mita 2.26 za maji ambazo mto hauna. Tabaka la mbio lingepita vizimba vya mguuni na kwenda kutua juu ya godoro la sentimita 30, ambalo mwisho wake ni 6.4.

"Mchanga huu umekwenda wapi, mzee?"

Alinyoosha mkono kuelekea mtelemko. Mita 300 hivi kutoka tulipo palikuwa na njia mbili za matairi zinazoshuka kwenye korongo, na vijana wanne wenye makoleo wakijaza lori. Dodoma inajengwa tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, na mchanga wa korongo hili ni mzuri kwa lipu. Nilitoa kijitabu nikaandika tarehe, sentimita 15, na kilomita 0.3. Kisha tukashuka wote wawili kwenda kuzungumza na dereva.